DAP imeisha na sijanunua: vocha ya mbolea inavyotolewa kijijini na kukombolewa kwa wakala

*Swali: "Ndugu mtaalamu, mimi ni mkulima wa mahindi Mbozi, nalima ekari nne. Nimesajiliwa kijijini na namba ninayo. Wiki jana nilikwenda kwa wakala, akachukua namba yangu, akahangaika na simu, akasema mtandao hauna nirudi kesho. Kesho yake nikaenda kwa wakala mwingine, huyo akaniambia DAP yangu yote imeshachukuliwa. Sijanunua hata mfuko mmoja. Hii vocha ya simu inafanyaje kazi, na mbolea yangu imeenda wapi?"*

Ndugu yangu, pole sana. Nitakueleza mambo kwa mpangilio wake, kwa sababu ukijua mfuko unavyotembea kwenye mfumo utajua pa kuuliza, na utajua nani anaweza kukujibu. Lakini kabla hujaendelea kusoma, fanya jambo moja: muulize wakala yeyote mwenye mfumo akuangalizie salio lako la urea. Likiwa bado lipo, namba yako usimwachie mtu tena mpaka siku unapobeba mifuko yako. DAP, ile ya kupandia, tutaizungumza, lakini urea, ile ya kukuzia, bado inaweza kuokolewa.

Sisi Nyanda za Juu Kusini tunaiita vocha kwa mazoea. Neno hilo tulilizoea kuanzia msimu wa 2008/09, ulipoanza mpango wa pembejeo za ruzuku kwa vocha za karatasi. Kaya iliyochaguliwa ilipata karatasi tatu: moja ya mfuko wa mbolea ya kupandia, moja ya mfuko wa urea na moja ya mbegu ya mahindi, zikitosha ekari moja. Mkulima alijazia karibu nusu ya bei kwa fedha yake, wakala akabaki na karatasi iliyosainiwa, kisha akaipeleka benki ya NMB kudai nusu iliyobaki. Karatasi ile ilikuwa kama fedha mkononi, na tatizo lake lilitokea hapohapo. Aliyekuwa nayo ndiye aliyekuwa na haki. Mkulima asiye na nusu ya kujazia alisaini, akapewa shilingi elfu kadhaa, akaenda zake. Wakala akaidai serikali thamani ya mbolea ambayo haikutoka stoo. Mbolea ilibaki palepale dukani na karatasi ikalipwa.

Ruzuku iliyozinduliwa Mbeya tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, ilijengwa kuziba tundu hilo. Hakuna tena karatasi. Kilichopo ni mstari wako kwenye daftari la wakulima, na katika mstari huo kuna jina lako, kijiji chako, ekari zako, mazao yako, namba ya simu na namba ya usajili. Ekari na mazao ndivyo vinavyozaa kiasi cha mbolea unachoruhusiwa kununua kwa bei ya ruzuku. Kwa hiyo vocha yako hasa ni salio. Ujumbe uliopokea kwenye simu si vocha, na ile namba peke yake si vocha, ni funguo tu za kufungulia salio hilo. Ninalisisitiza hili kwa sababu wakulima wengi wanatunza ujumbe kwa uangalifu mkubwa, halafu namba yenyewe wanaitaja kwa sauti mbele ya watu ishirini kwenye foleni.

Salio hilo linaanzia ofisi ya mtendaji wa kijiji. Unakwenda wewe mwenyewe, unataja ekari, mtendaji au afisa ugani anaandika, mwenyekiti wa kitongoji anayekufahamu anaweza kuulizwa kama kweli unalima mahali ulipotaja. Kisha taarifa zinaingizwa kwenye mfumo. Mara nyingi haziingii wakati uleule uliposimama pale. Zinaandikwa kwanza kwenye daftari, zinaingizwa baadaye mahali penye mtandao, wakati mwingine na kijana aliyeombwa kusaidia kwa sababu kijiji kina wakulima mia sita na mtendaji ni mmoja. Hapo ndipo ekari nne hugeuka moja, namba ya simu ikakosewa tarakimu moja, au jina la baba likawekwa la mtoto. Mkulima anakuja kugundua Novemba akiwa kaunta, mvua imeshaanza. Kwa hiyo hata kama tatizo lako ni la aina nyingine, angalia pia ekari zako zilivyosomeka. Nimekutana na watu waliodhani wameibiwa kumbe waliandikwa ekari moja, wakanunua mfuko mmoja mwaka huo na kusahau kwamba huo ndio uliokuwa wote.

Upande wa pili yuko wakala. Si kila duka la pembejeo linaweza kuuza mbolea ya ruzuku. Kwanza awe na leseni ya kuuza mbolea kutoka TFRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Kisha asajiliwe kwenye mfumo wa ruzuku kama wakala, apewe akaunti yake kwenye simu, na akaunti hiyo ina duka lake na mahali pake. Leseni ya mbolea haimpi ruhusa ya kila kitu kilichomo dukani, kwani mbegu ziko chini ya TOSCI na viuatilifu vina mamlaka yake. Ukiona mtu ana mifuko mingi ya mbolea barazani lakini akaunti ya mfumo ni ya ndugu yake aliye mjini, hapo hakuna wakala aliyeidhinishwa. Kuna mtu anayeuza kwa kivuli cha wakala, na siku yakitokea kama yaliyokutokea wewe, hutampata wa kumuuliza.

Sasa mfuko wenyewe. Kila mfuko wa ruzuku una lebo yenye msimbo wa kuskani, ule wa vijumba vyeusi na vyeupe. Msimbo huo ni wa mfuko mmoja tu, si wa aina ya mbolea. Mfuko wa DAP uliolala juu na ule uliolala chini yake ni namba mbili tofauti. Kampuni inapompelekea wakala shehena, mifuko inahesabiwa kwenye stoo yake halisi na pia kwenye stoo yake ya mfumo. Akipokea mifuko 200, mfumo unajua ana 200.

Manunuzi yanakamilika pale vitu vitatu vinapofungwa pamoja kwa mara moja: akaunti ya wakala, namba ya mkulima, na msimbo wa mfuko. Wakala anaingiza namba yako, jina lako na salio vinatokea, anachagua aina ya mbolea, anaskani mfuko, uthibitisho unatolewa, salio lako linapungua na stoo yake inapungua. Uthibitisho ndio unaotofautiana kati ya mipango na kati ya misimu: kuna panapohitajika namba peke yake, kuna panapotakiwa ujumbe wa simu ya mkulima, kuna alama ya kidole. Kadiri uthibitisho unavyokaa karibu na mwili wako, ndivyo inavyokuwa vigumu mtu kununua bila wewe kuwepo. Namba peke yake ni ulinzi dhaifu sana, maana inaandikika.

Nilivyoliona hili kwa macho yangu ni Desemba moja, nilipokuwa nimekaa siku nzima kwenye duka la wakala niliyemfundisha. Akaja mzee, namba yake ameiandika kwa kalamu kwenye kipande cha boksi la sigara, kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Wakala akaingiza namba, ile duara ya kusubiri ikazunguka kwenye kioo, ikazunguka, ikakatika. Akatoka nje, akapanda juu ya tofali zilizorundikwa pembeni ya duka ambako mtandao ulikuwa unapatikana, simu imeinuliwa juu. Mfuko ulikuwa ndani na yeye yuko nje, kwa hiyo akamwita kijana aubebe mfuko wa kilo 50 mpaka kwenye tofali ili auskani pale. Mfuko mmoja ulichukua dakika kumi na moja. Foleni ilikuwa ya watu thelathini na zaidi. Jioni ile nikaona juu ya kaunta kontabuku, ndani yake majina na namba za wakulima kurasa mbili. Nikamuuliza. Akanijibu kwamba wameacha namba ili awaskanie usiku mtandao ukiwa mwepesi, kesho wakija wabebe tu.

Nakuambia kwa uhakika kwamba kijana yule hakuwa mwizi. Asubuhi yake niliwaona watu wanakuja na kubeba mifuko yao. Lakini kontabuku ile ndiyo tundu jipya lilipo. Muamala unafungwa usiku, mkulima hayupo, mfuko uko stoo, na kuanzia dakika hiyo kilichobaki ni uaminifu wa mtu mmoja. Akija mteja mwingine asubuhi na fedha nyingi, mfuko wako unaweza kuondoka.

Hebu tupige hesabu ya kinachomvutia mtu afanye hivyo, nikitumia bei za msimu wa kwanza wa 2022/23 na ekari zako nne. Tuseme ulipangiwa mifuko minne ya DAP na minne ya urea, mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa kila ekari. Msimu ule DAP iliyokuwa inauzwa takriban shilingi 131,000 ilishushwa hadi 70,000, na urea ya takriban 124,000 ikawa nayo 70,000. Mifuko minane ingekugharimu 560,000. Serikali ingebeba takriban 61,000 kwa kila mfuko wa DAP na 54,000 kwa kila mfuko wa urea, yaani karibu 460,000 kwa mkulima mmoja wa ekari nne. Sasa chukua ile mifuko minne ya DAP peke yake. Mtu akiifunga kwa jina lako, kwenye mfumo inaonekana imeuzwa kwa 70,000 kwa mkulima halali, na ruzuku yake inadaiwa. Mifuko yenyewe bado iko stoo. Akimuuzia mtu asiyesajiliwa, au mfanyabiashara anayevusha mpaka, kwa 110,000, amejipatia 160,000 za ziada kwa dakika chache, na mnunuzi naye anafurahi kwamba amepata chini ya bei ya soko. Kontabuku ikiwa na majina ishirini ya ekari nne, hiyo ni milioni tatu na laki mbili.

Uone tofauti na enzi ya karatasi. Zamani mbolea haikuhitaji kutoka stoo kabisa, karatasi ilitosha kudai. Msimbo umelazimisha kila dai liwe na mfuko halisi, na hilo ni jambo kubwa, silidharau. Lakini haukuweza kuulazimisha mfuko ufike shambani kwa mwenye jina. Mfuko ulioskaniwa umekwisha kwenye mfumo, lakini dukani bado upo na mbolea ndani yake ni nzima.

Hapo kuna alama moja ambayo mkulima yeyote anaweza kuitumia, na sijui kwa nini hatuifundishi vya kutosha. Ukinunua mfuko kwa bei ya ruzuku, kisha ukaangalia salio lako likawa halijapungua, mfuko uliobeba ulishafungwa kwa jina la mtu mwingine. Wewe umeuziwa jasho la mwenzako. Wengi wakiona salio halijapungua wanashukuru, wanadhani wamependelewa. Na kinyume chake ndicho kilichokupata wewe: salio limepungua na mfuko hukubeba.

Sasa turudi kwenye ile "mtandao hauna". Maneno hayo yanaweza kuwa kweli kabisa. Ila kukatika kwa mtandao kunaweza kutokea sehemu mbili. Ukikatika kabla ombi halijafika, hakuna kilichofanyika, salio lako liko vilevile. Ukikatika baada ya ombi kufika lakini kabla jibu halijarudi kwenye simu ya wakala, muamala umekamilika kule na yeye anaona kosa kwenye kioo chake. Wakala makini huingia kwenye orodha ya mauzo yake kabla hajakuambia rudi kesho, maana pale ataona kama limeingia. Asiyeangalia anakufukuza akiamini kwamba hakuna kilichotokea, halafu jioni anahesabu stoo, anakuta mfumo unasema ana mifuko 46 na yeye anaiona 50. Huyo mifuko yako minne anayo, na hajui ni ya nani mpaka afungue orodha.

Kwa hiyo kwa maelezo yako kuna mambo matatu yanayowezekana, na yote matatu yanatofautishwa na tarehe na jina la duka lililoko kwenye muamala. Ukikuta muamala ni wa siku ile uliyokwenda kwa wakala wa kwanza, kwenye duka lake, saa ileile uliyokuwepo, basi uwezekano mkubwa ni mtandao ulikatika njiani na mifuko yako iko kwake. Ukikuta ni duka lake lakini ni usiku ule au kesho yake alfajiri, namba yako ilitumika ukiwa umeshaondoka, na yeye ndiye mwenye maelezo. Ukikuta ni tarehe ya nyuma kabisa, au duka la kata nyingine ambako hujawahi kukanyaga, basi wakala huyo wa kwanza umemwonea. Namba yako ilivuja kabla, na mara nyingi inavuja kutoka kwenye orodha ya kijiji, ama kwa karatasi iliyobandikwa ukutani ikiwa na majina pamoja na namba, ama kwa mtu aliyejitolea "kuwanunulia wote kwa pamoja" ili kuokoa nauli.

Namna ya kuipata tarehe hiyo ni hivi. Rudi kwa yule wakala wa pili, aliyekuambia imeshachukuliwa. Yeye hana lawama kwako, na mara nyingi atakuwa tayari kusaidia. Mwombe akuonyeshe anachokiona kwa namba yako, uandike aina, idadi na tarehe. Kama kwenye akaunti yake haoni duka lililouza, usimlazimishe, hilo wanaliona walio juu yake. Chukua maandishi hayo uende kwa mtendaji wa kijiji na afisa ugani wako, kisha muwasiliane na afisa kilimo wa wilaya na ofisi ya TFRA ya kanda. Kule ndiko muamala unakofunguliwa wote: duka, siku, saa, na msimbo wa kila mfuko. Peleka malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo kwenye ofisi yenye watu hamsini mlangoni husahaulika siku hiyohiyo.

Ikionekana ni duka la wakala wa kwanza, nenda kwake ukiwa na mtendaji au afisa ugani, na swali la kwanza liwe la upole: "Naomba tuangalie orodha ya mauzo ya siku ile." Nimeona mara mbili wakala anafungua orodha, anashika kichwa, anakwenda stoo na kutoa mifuko. Asipotaka kabisa kufungua orodha, hapo umeshapata jibu, na linalofuata ni la TFRA na polisi. Wewe huwezi kuufuta muamala, na yeye mwenyewe hawezi kuufuta kwa kubonyeza. Kurudisha salio ni kazi ya wasimamizi wa mfumo baada ya kuridhika kwamba mfuko haukutoka. Ndiyo maana inachukua siku, na wakati mwingine siku hizo zinapita msimu.

Mtu anaweza kukuuliza kwa nini wakala mwenye leseni aliyoihangaikia ahatarishe duka lake kwa mifuko minne. Wengine ni tamaa tu. Lakini nisiposema upande wa pili nitakuwa sijakujibu sawasawa. Katika mipango ya namna hii, fedha ya serikali haitoki wakati uleule mkulima anapolipa sehemu yake. Inatoka baada ya mauzo kuthibitishwa na kuhakikiwa, na muda huo kuna mtu anayeubeba mzigo, awe kampuni au wakala. Wenzetu Zambia walilipata hili kwa uchungu. Msimu wa 2017/18 walipeleka vocha ya kielektroniki nchi nzima, mkulima akichangia kwacha 400 na serikali ikiweka 1,700 kwenye kadi. Wazo lilikuwa zuri kwa sababu mkulima angechagua mwenyewe, akitaka mbolea, mbegu, hata dawa za mifugo. Lakini fedha za serikali zilichelewa kuingia kwenye kadi, wakulima wakafika madukani na kadi zisizo na kitu, mawakala waliotoa bidhaa wakakaa miezi bila kulipwa, na msimu uliofuata serikali ikarudisha sehemu kubwa ya wakulima kwenye mgao wa zamani wa moja kwa moja. Wakala anayedai na mwenye mkopo wa kampuni shingoni ndiye anayeanza kuitazama ile kontabuku kwa jicho jingine. Kumwelewa si kumsamehe. Ila anayesimamia mfumo akitaka mifuko ifike kwa wenyewe, aharakishe malipo kabla hajaongeza ukaguzi.

Na wewe shamba lako linakusubiri, hivyo niseme la mbolea yenyewe. DAP ina fosforasi nyingi na naitrojeni kidogo. Fosforasi haitembei udongoni, inakaa pale ulipoiweka, ndiyo maana inawekwa kwenye shimo wakati wa kupanda, karibu na mbegu lakini isiiguse. Ukiikosa siku hiyo, kuja kuimwaga juu wiki ya tano hakusaidii sana, mizizi michanga imeshapita kipindi ilipoihitaji. Naitrojeni ni tofauti, inaweza kuchelewa kidogo ikafidiwa na urea mahindi yakiwa magotini. Kwa hiyo usisubiri malalamiko yako yaamuliwe ndipo upande. Muulize wakala kama salio lako linakuruhusu kuchukua mbolea nyingine ya kupandia, NPK au ya Minjingu, maana mara nyingine DAP ndiyo iliyofungwa na nyingine iko wazi. Kama hakuna, nunua kwa fedha yako hata mifuko miwili uitumie kwa kipimo kidogo kwenye kila shimo, ekari mbili zilizo bora zikipewa kwanza. Mfuko huo wa fedha uangalie vizuri: mshono wa kiwandani umenyooka bila matundu ya pembeni, uzito uwe kilo 50 kwenye mizani, na punje za DAP ziwe za ukubwa unaokaribiana. Ukiona mshono wa pili juu ya wa kwanza, au punje zimechanganyika na unga wa rangi nyingine, uache.

Ukienda kuchukua urea yako, fuata mpangilio huu hata kama foleni inakusukuma. Namba mpe wakala kwa kumwonyesha maandishi, usiitaje kwa sauti. Muombe akuonyeshe jina lako na salio kabla hajaskani. Mifuko itolewe stoo iwekwe mbele yako, iskaniwe ile ile utakayoibeba. Mwombe salio jipya, lisome kwa macho yako: kama lilikuwa nne na umechukua mbili, lisome mbili. Chukua risiti yenye jina la duka, tarehe na idadi. Mtandao ukikatika katikati, usiondoke na usikubali kuacha namba. Mwambie afungue orodha ya mauzo mhakikishe pamoja kama limeingia. Limeingia, beba mifuko yako. Halijaingia, kunja karatasi yako yenye namba, uirudishe mfukoni, na urudi nayo kesho.